Saa tisa ipi? Agizo la kipimo cha sukari linavyomponza mgonjwa wa Pwani

Kila asubuhi katika hospitali na zahanati zetu, kuanzia Lamu mpaka Lungalunga, utawakuta watu wamekaa kwenye mabenchi nje ya maabara wakingoja kutolewa damu ya kupimwa sukari. Wengi wameshika kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, au wana ujumbe kwenye simu, unaowaambia waje wakiwa hawajala. Kila mmoja wao ametii agizo kama alivyolielewa. Taabu ni kwamba hawakulielewa namna moja, na mashine ya maabara haina njia ya kujua nani alielewa vipi.

Makala haya yanahusu hicho kikaratasi. Hatuzungumzii uhaba wa dawa wala foleni, mambo ambayo yameshaandikwa sana. Tunazungumzia sentensi moja tu, ile inayomwambia mgonjwa aache kula saa ngapi. Sentensi hiyo ikikosewa, kila kinachofuata kimekosewa, hata kama mashine ni mpya na daktari ni bingwa.

Tuanze na kinachotakiwa. Kipimo cha sukari cha asubuhi kabla ya kula kinataka mtu awe amekaa angalau masaa 8 bila chakula wala kinywaji chochote isipokuwa maji. Kwa mafuta ya damu, maabara nyingi zimezoea kutaka masaa 9 hadi 12. Ukipungukiwa, chakula bado kimo kwenye damu na sukari inaonekana juu kuliko ilivyo. Ukizidisha sana, ukafika masaa 16 au zaidi, mwili unakuwa umeanza kutumia akiba yake, majibu yanaweza kuyumba, na mtu anayetumia dawa za sukari anaweza kuanguka. Kwa hiyo mlango ni mwembamba: masaa 8 mpaka 12, na katikati yake ni 10.

Sasa tazama saa yetu. Sisi tunahesabu tangu jua lichomoze, na Mzungu anahesabu tangu usiku wa manane. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni masaa 6 kamili. Mtu akichanganya hesabu moja na nyingine hakosei kwa dakika wala nusu saa. Anakosea kwa masaa 6, ama mbele ama nyuma. Mgonjwa aliyetakiwa akae masaa 10 atakaa 4, au atakaa 16. Yote mawili yako nje ya mlango. Kosa hili haliwezi kuwa dogo hata ukitaka, na ndiyo maana linastahili kushughulikiwa kwa uzito kuliko makosa mengine ya kuandika.

Linaingiaje? Kwa mdomo halitokei sana. Muuguzi, awe mzaliwa wa Malindi au wa Meru, akisema kwa Kiswahili atasema "saa tatu usiku" na mgonjwa atamwelewa. Linaingia pale kalamu inaposhika kazi. Wakenya tuliopita shuleni tumezoea kuandika 9 na kusoma "tatu". Ukutani imeandikwa 9.00, ulimi unasema saa tatu, na hatuoni ajabu. Kwa hiyo muuguzi anaandika "usile kuanzia saa 9 usiku", na kichwani mwake hiyo ni saa tatu. Mgonjwa naye anasoma kilichoandikwa: saa tisa ya usiku. Saa tisa ya usiku ni karibu na kucha! Anaona ameruhusiwa kula usiku mzima. Akitolewa damu saa moja asubuhi, yamepita masaa 4.

Mtu mwingine kwenye benchi hilo hilo, aliyesoma kama muuguzi alivyosoma, ataona 9 na kuelewa tatu. Huyo kapatia. Karatasi ni moja, maneno ni yale yale, na wagonjwa wawili wamefanya mambo mawili tofauti, kila mmoja akiwa na haki yake. Hapo huwezi kumlaumu mgonjwa. Tarakimu ikikaa baada ya neno "saa", kwa Kiswahili cha Kenya haijulikani inasomwa kwa hesabu gani.

Mfano mbaya kuliko wote ni ule wa usiku wa manane. Kiingereza husema mgonjwa asile baada ya kumi na mbili ya usiku, yaani saa sita yetu. Anayetafsiri kwa haraka anaandika "usile baada ya saa 12 usiku". Kwetu saa kumi na mbili ziko mbili tu, ya magharibi na ya asubuhi, na hakuna hata moja iliyo katikati ya usiku. Mgonjwa anabaki kukisia.

Tumchukulie mama mmoja wa makamo, mkaazi wa Likoni, ambaye hajawahi kuambiwa ana sukari. Ni mfano wa kubuni, ila kila hatua yake ni ya kawaida. Kikaratasi kinasema asile baada ya saa 12 usiku, afike saa moja na nusu asubuhi avushwe feri mapema. Anafikiri: saa kumi na mbili ya magharibi si usiku, hiyo ni jioni, basi lazima ni ile ya kucha, kabla jua halijatoka. Anaamka kuswali Alfajiri, na saa kumi na moja na nusu anakula mahamri mawili kwa mbaazi na kikombe cha chai ya maziwa. Anajitahidi amalize kabla ya saa kumi na mbili, maana ameambiwa. Anavuka feri, anafika kwa wakati, anaulizwa, "Umefunga, mama?" Anajibu, "Ndiyo, mwanangu," na hajasema uongo. Damu inatolewa masaa 2 baada ya mahamri.

Jibu linatoka 8.4. Kwenye fomu limeandikwa kama sukari ya mtu ambaye hajala. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba sukari ya mtu ambaye hajala ikifika 7.0, hiyo ni ya kisukari. Kwa 8.4, mama huyu amevuka mstari. Lakini lau daktari angejua kwamba amekula masaa 2 nyuma, angelisoma jibu hilo hilo kwa mstari mwingine. Kwa mtu ambaye ameshakula, mstari wa kisukari ni 11.1, na 8.4 iko chini yake. Angemwambia, "Mama, hii iko juu kidogo, rudi tupime vizuri." Nambari haikubadilika. Kilichobadilika ni saa ya chai.

Daktari makini hamwandikii mtu asiye na dalili ugonjwa wa maisha kwa jibu moja; hurudia kipimo. Lakini akirudia kwa kikaratasi kile kile, mama atarudia chai ile ile, na jibu la pili litalithibitisha la kwanza. Hapo kosa linakuwa limepigwa muhuri. Anaanzishiwa vidonge na kuambiwa aache wali.

Geuza mfano upande wa pili. Mzee ambaye ana kisukari tayari na anameza glibenklamidi anasoma "saa 12" akaelewa magharibi. Anakula kidogo kabla ya adhana, halafu basi. Foleni inamfikia saa tatu asubuhi. Hayo ni masaa 15. Ikiwa asubuhi alimeza kidonge chake kama kawaida kwa sababu karatasi haikusema lolote kuhusu dawa, kidonge kinashusha sukari ambayo tayari iko chini. Jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika: hizo ndizo dalili, na mtu akiziona kwenye benchi asingoje zamu. Apewe kitu cha sukari hapo hapo, kipimo kitafanywa siku nyingine.

Saa si mtego wa pekee. Neno lenyewe la "kufunga" ni mtego wa pili, na hapa Pwani ni mkubwa kuliko kwingineko. Karatasi nyingi husema "uje umefunga". Kwa Mwislamu kufunga kuna maana yake kamili: kunuia, kula daku kabla ya alfajiri, kisha kutokula wala kunywa, hata tone la maji, mpaka magharibi. Ukimwambia "uje umefunga", atafanya hivyo alivyofundishwa tangu utotoni. Atakula daku saa kumi alfajiri na kufika maabara saa moja, akiwa na masaa 3 tu. Na kwa vile amefunga, hatakunywa maji, wakati kipimo kinayaruhusu na mshipa unayataka. Mtu aliyekauka mishipa yake hulala, akachomwa mara mbili tatu. Na kidonge cha presha cha asubuhi ataacha, ingawa mara nyingi daktari angependa akimeze kwa maji kidogo.

Yaani neno moja limeharibu pande zote mbili: chakula kilichokatazwa kimeingia, na maji yaliyoruhusiwa yamezuiwa. Dawa yake ni nyepesi. Neno "kufunga" litolewe kwenye karatasi kabisa, na mahali pake pawekwe "usile". Wapo wanaopendekeza "uje kabla ya kufungua kinywa" au "uje na tumbo tupu". Yanasaidia kidogo. La kwanza linazungumzia asubuhi tu na halimgusi aliyekula biriani ya harusi saa saba za usiku. La pili kila mtu ana tafsiri yake. Wako wanaoamini kwa dhati kwamba kikombe cha kahawa tungu hakijazi tumbo. Ndiyo sababu karatasi itaje vitu kwa majina yake: chai, kahawa hata bila sukari, maziwa, uji, soda, juisi, madafu. Kisha ivitaje na vile ambavyo watu hawavihesabu kuwa chakula: tende moja, peremende, chingamu, tambuu, miraa, muguka, sigara. Na maji yapewe mstari wake peke yake: maji matupu kunywa.

Mtego wa tatu ni usiku wenyewe. Kwa wazee wetu, siku huanza jua likitua. "Usiku wa Ijumaa" kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kijana wa ofisini anauita Alhamisi usiku. Sasa andika "usile usiku wa Jumanne" kwa mtu mwenye kipimo Jumanne asubuhi. Mzee atapatia, kijana atangoja usiku unaofuata, baada ya kipimo kwisha. Ukiandika "Jumatatu usiku" kijana atapatia na mzee anaweza kurudi nyuma siku nzima. Lugha yetu imeshalitatua jambo hili zamani kwa maneno ambayo hayana pande mbili: "usiku wa kuamkia Jumanne". Mzee na kijana wote watakutana hapo.

Kuna wanaosema njia salama ni kuacha kutaja saa kabisa, mgonjwa aambiwe tu "kaa masaa 8 bila kula". Hii inamtwika mgonjwa hesabu. Ahesabu kurudi nyuma kutoka saa gani, ile ya kufika au ile ya kuchomwa sindano ambayo haijui? Tena "masaa 8" na "saa 8" ni herufi mbili tu zinazotenganisha. Waalimu wa sarufi hutukosoa kwamba wingi wa saa ni saa. Wakifuatwa, karatasi itasema "saa 8 bila kula", na mgonjwa atasoma saa nane. Kwa kazi hii, "masaa" ya mtaani yana faida kuliko sarufi. Lakini bora zaidi ni hesabu hiyo ifanywe na kliniki, mgonjwa apewe jibu tu.

Hesabu yenyewe ifanyweje? Kliniki inajua mambo mawili: saa ya mgonjwa kufika, na foleni yake huchukua muda gani. Ikiwa watu wanaitwa saa moja asubuhi na wa mwisho huchomwa saa tatu, chagua saa tatu usiku kuwa mwisho wa kula. Wa kwanza atakuwa na masaa 10, wa mwisho 12. Wote wamo ndani ya mlango. Ukichagua saa sita usiku, wa kwanza atakuwa na masaa 7, pungufu. Ukichagua magharibi, wa mwisho atakuwa na masaa 15. Saa tatu usiku inafaa pia kwa maisha ya huku kwetu, kwa sababu Isha ya Mombasa huingia kati ya saa moja na robo na saa mbili kasoro mwaka mzima, na nyumba nyingi hula baada yake. Muuguzi anaweza kuongeza kwa mdomo, "Ukishaswali Isha ukala, basi." Lakini Isha isisimame peke yake badala ya saa. Wapo wanaoichelewesha, na wapo majirani zetu wasioswali.

Tukiyaweka pamoja, karatasi inaweza kusomeka hivi:

"Kipimo chako cha damu ni Jumanne, tarehe 14. Fika saa moja asubuhi. Simu yako itaonyesha 7:00 AM.

Usiku wa kuamkia Jumanne, kula chakula chako kama kawaida na umalize kabla ya saa tatu ya usiku. Simu yako itaonyesha 9:00 PM. Baada ya hapo usile chochote mpaka utolewe damu. Usile daku wala chakula cha asubuhi.

Usinywe chai, kahawa, maziwa, uji, soda, juisi wala madafu. Usitafune tambuu, miraa, muguka wala chingamu. Usivute sigara.

Maji matupu kunywa, usiku na asubuhi.

Dawa zako za asubuhi: ........ (daktari ajaze)

Ukiwa umekula au umenywa kitu kwa kusahau, njoo vilevile utuambie ni nini na saa ngapi."

Angalia kwamba saa imeandikwa kwa maneno, "saa tatu ya usiku", si kwa tarakimu. Tarakimu imekuja mahali pamoja tu, pale inapoigiza kioo cha simu, na hapo haina neno "saa" mbele yake. Mwenye kusoma Kiswahili ana maneno, mwenye kutegemea simu ana alama atakayoiona kwa macho, na asiyejua kusoma atasomewa na mjukuu bila mjukuu kukisia. Mstari wa dawa umeachwa wazi kwa makusudi, kwa sababu jibu la mwenye presha si jibu la mwenye kujidunga insulini, na hakuna karatasi moja inayoweza kuwajibia wote.

Mstari wa mwisho nao una kazi. Mgonjwa aliyepanda mashua kutoka Faza kuja Lamu mjini, au matatu mbili kutoka ndani ya Kwale, akiona atafukuzwa kwa sababu ya tende moja, atanyamaza. Akijua ataulizwa kwa wema, atasema. Na maabara iulize vizuri. "Umefunga?" ni swali linalojibiwa "ndiyo" hata na mama wa mahamri. Swali linalofaa ni hili: "Mara ya mwisho umetia kitu kinywani saa ngapi, na kilikuwa nini?" Jibu liandikwe kwenye fomu kando ya nambari, ili daktari atakayelisoma jioni ajue analisoma kwa mstari upi.

Karatasi nzuri nayo ina mpaka wake. Mwezi wa Ramadhani, kwa mwenye kufunga, agizo la "usile daku" linamwongezea saumu ndefu, na mwenye kisukari anaweza kudhurika. Kipimo kisicho cha haraka kingoje mwezi uishe, au daktari atumie kile kinachoandikwa HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu na hakimtaki mtu akae na njaa. Hata nje ya Ramadhani, si kila damu inataka tumbo tupu, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama yake inataka.

Haya yote hayangoji bajeti. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Hospitali za kaunti ziko chini ya magavana wetu wenyewe. Afisa wa afya wa kaunti yoyote ya Pwani anaweza kuchapisha karatasi hii wiki ijayo, na kabla ya kuisambaza awape watu kumi walioko kwenye benchi waisome, kisha kila mmoja amweleze kwa maneno yake ataacha kula lini. Wakijibu wote saa moja, karatasi ni nzuri. Akitokea hata mmoja wa saa tisa, irudishwe ikaandikwe upya.

Na wewe msomaji, ukipewa kikaratasi chenye tarakimu, usiondoke dirishani. Muulize muuguzi akutajie saa hiyo kwa mdomo, kwa Kiswahili, na siku ya kuamkia. Kisha uiandike mwenyewe kwa maneno, hapo hapo, juu ya ile aliyoandika yeye.